"Hatujaichapisha" na "hatutaichapisha"

Barua pepe inafunguka kwenye simu saa nne usiku. Mstari wa kwanza unashukuru. Wa pili unasema: "Kwa sasa hatujaweza kuichapisha makala yako, ila ni kazi nzuri sana na tunakutia moyo uendelee." Wa tatu ni jina la mhariri.

Kesho yake asubuhi makala ileile inarudi kwa mhariri. Mwandishi amebadilisha kichwa, amefupisha sentensi mbili za mwanzo, na juu yake ameandika, "Nimeifanyia kazi, naomba uiangalie tena." Mhariri anaisoma na kukunja uso. Alishakataa. Mbona huyu hasikii?

Amesikia vizuri kabisa. Aliambiwa "hatujaweza".

Silabi moja ya neno hilo, "-ja-", imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Wanaoandika makala za wageni, yaani makala za kutolewa kwenye blogu za watu wengine, wanazijua barua za kukataliwa za kila namna, na wahariri wanajua kuziandika wakiwa wamechoka, foleni ikiwa ndefu. Lakini ile iliyo bora kuliko zote, inayokataa makala na papo hapo kumwonyesha mwandishi penye ubovu na penye uhai, huharibika mara nyingi mahali pamoja: kwenye kitenzi.

Kinachofanywa na "-ja-"

Mtoto ambaye hajala anasubiriwa mezani. Ambaye hakula, sahani zimeshaoshwa. Kila anayekizungumza Kiswahili anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa: "-ja-" inakanusha huku ikiacha tumaini. Ndiyo maana ni silabi tamu kwa mhariri mwenye huruma. Inamwezesha kusema hapana bila kusikia hapana ikitoka kinywani mwake.

"Makala haijakaa sawa." "Bado haijafikia kiwango chetu." "Kwa sasa hatujapata nafasi." Zote tatu, kwa masikio ya mwandishi, ni maagizo. Ya kwanza inasema ikalishe sawa. Ya pili inasema ongeza bidii. Ya tatu inasema subiri. Mwandishi anayetii atafanya moja kati ya hayo, na kazi hiyo itampotezea wiki mbili ikiwa mhariri alikwisha kuamua kwamba makala hiyo haitatoka kamwe.

Yako majibu matatu halisi ambayo mhariri anaweza kuwa nayo moyoni. La kwanza ni hapana, na mazungumzo yameisha. La pili ni hapana kwa makala hii, lakini lete nyingine. La tatu ni irekebishe hii uilete. Ni la tatu peke yake linalostahili "-ja-". Akiwa na la pili moyoni na kuliandika kwa kitenzi cha la tatu, hakuna wingi wa sifa utakaoiokoa barua, kwa sababu mwandishi atazitumia sifa hizo kama ushahidi kwamba anasubiriwa.

Nilisita sana hapa. "Hatutaichapisha" ni neno zito. Katika lugha yetu mtu hakataliwi hivihivi, lazima apitishwe barazani kwanza, aulizwe habari za nyumbani, ndipo neno lenyewe lije limefunikwa. Kumwandikia mtu asiyekujua, ambaye amekesha juu ya maneno 1,900, "hatutaichapisha" bila kilemba kunaonekana kama kukosa adabu.

Nilichokuja kukiona ni kwamba adabu ya barua hii ina mahali pake pengine, aya tatu chini ya neno hilo.

Barua yenyewe

Tuiweke mezani nzima, ndipo tuichambue. Makala iliyokataliwa inahusu kutunza picha za simu zisipotee. Ina aya kumi na tatu.

> Habari za kazi, ndugu mwandishi.
>
> Asante kwa kutuletea makala yako kuhusu kutunza picha za simu. Nimeisoma yote mara mbili. Hatutaichapisha.
>
> Sababu ya kwanza haihusu uandishi wako. Tayari tuna makala inayoeleza kanuni ya nakala tatu, yaani kuwa na kila picha katika nakala tatu, na hatuweki mbili zinazojibu swali lilelile.
>
> Sababu ya pili iko ndani ya makala. Aya tano za mwanzo zinaeleza kwamba picha ni kumbukumbu. Aliyekuja kusoma analijua hilo, ndiyo maana amekuja. Jambo la kwanza analoweza kulifanya kwa mikono yake linatokea aya ya sita. Halafu katika aya ya tisa umesema picha zikishasawazishwa na hifadhi ya wingu zimepata nakala ya akiba. Ukifuta picha kwenye simu iliyosawazishwa, inafutika na kule. Msomaji atakayekuamini hapo anaweza kupoteza picha zake.
>
> Aya ya kumi na moja nimeirudia. Pale unapomwambia msomaji achague picha moja ya zamani ajaribu kuirudisha kutoka kwenye diski, kabla hajapatwa na shida, unaandika kwa utulivu wa mtu aliyefanya. Hatuna makala juu ya hatua hiyo.
>
> Usiirekebishe hii kwa ajili yetu. Ukipenda, nitumie wazo la makala mpya kuhusu kujaribu kurudisha picha. Sentensi nne zinatosha, na nitajibu ndani ya siku kumi. Makala hii ni yako, ipeleke popote.

Sio ndefu. Inasomeka kwa dakika moja, na kuiandika vizuri kunaweza kuchukua dakika 25, bila kuhesabu kuisoma makala mara mbili.

Kosa la makala na hali ya blogu

Angalia jinsi sababu mbili zilivyotenganishwa. Ile ya kwanza, kwamba blogu ina makala ya namna hiyo tayari, mwandishi hawezi kuifanyia chochote. Hata angeandika kwa wino wa dhahabu, jibu lingekuwa lilelile. Ya pili iko mikononi mwake.

Barua nyingi huzichanganya. Mhariri huandika, "Makala haiendani na mwelekeo wetu, na mwanzo ungeweza kuwa na nguvu zaidi," kisha mwandishi anakaa usiku kucha akiutia nguvu mwanzo, akiamini kwamba mwelekeo utafuata. Haufuati. Au kinyume chake: mwandishi anashika "mwelekeo wetu" kama mkongojo, anaipeleka makala kwingine bila kuigusa, na lile kosa la aya ya tisa linasafiri nayo.

Kuna historia fupi nyuma ya ukavu wa majibu mengi, na inasaidia kuijua kabla ya kumhukumu mhariri. Januari 2014, Matt Cutts, ambaye wakati huo aliongoza kitengo cha Google cha kupambana na taka za mtandao, aliandika kwenye blogu yake kwamba makala za wageni zinazoandikwa ili kupata viungo vya kuelekeza wasomaji kwenye tovuti fulani zimefikia mwisho wake. Baadaye alifafanua kwamba hakukusudia makala za wageni zote. Wenye kutafuta viungo hawakuacha. Bado masanduku ya wahariri yanapokea maombi ambayo lengo lake ni kiungo kimoja kwenda kwenye duka fulani, na hayo hujibiwa kwa barua moja iliyonakiliwa, au hayajibiwi kabisa.

Kwa hiyo barua inayotaja "aya ya tisa" ina maana kabla hata hujaisoma hiyo aya ya tisa: mtu ameihesabu.

Kukosoa kwa namba ya aya

Sasa tufike kwenye moyo wa barua. Ukosoaji wake una vipande vitatu, na kila kimoja kikikosekana unaweza kutabiri kitakachoharibika.

Kipande cha kwanza ni mahali. "Aya tano za mwanzo", "aya ya tisa". Ukisema "mwanzo ni mrefu", mwandishi atapunguza kila aya kidogo na kubaki na aya tano fupi zinazosema jambo lilelile lisilohitajika. Tatizo halikuwa urefu.

Cha pili ni kile kinachompata msomaji. Hiki ndicho wahariri wengi hukiruka, kwa sababu kwao kiko wazi. Lakini sentensi "msomaji atakayekuamini hapo anaweza kupoteza picha zake" inafanya kazi ambayo "hapa umekosea" haiwezi. Inampa mwandishi uzito wa kosa. Aya tano za mwanzo zinamchosha msomaji. Aya ya tisa inamdhuru. Mwandishi akiwa na saa moja tu ya marekebisho, sasa anajua aanzie wapi.

Cha tatu ni sababu inayoweza kuthibitishwa. Mhariri hakusema tu kwamba kusawazisha si sawa na kuweka nakala ya akiba, alionyesha kwa tendo: futa hapa, na kule inafutika. Huduma nyingi huiweka picha iliyofutwa kwenye pipa lake la taka kwa muda, mara nyingi siku 30 au 60, kisha haipo tena. Mwandishi mwenye shaka anaweza kulijaribu kwa picha moja isiyo na thamani na kujionea. Ukosoaji unaoweza kujaribiwa hauombi kuaminiwa, na kwa hiyo haumdhalilishi mtu.

Je, makosa mangapi yatajwe? Katika makala ya aya kumi na tatu mhariri makini ataona makosa zaidi ya kumi. Vichwa vidogo viwili vinarudiana. Kuna sentensi ya mistari sita. Neno "muhimu" limejaa kila kona. Barua yetu imeyaacha yote hayo, na imefanya vyema. Orodha ya makosa kumi na moja inasomwa kama hukumu. Macho hupita juu yake yakitafuta mwisho. Lakini pia mengi ya yale madogo yangeondoka yenyewe: ukizikata aya tano za mwanzo, "muhimu" nyingi zinaondoka nazo. Mhariri hutafuta kosa ambalo likiondolewa linabeba mengine.

Sifa yenye anwani

"Unaandika vizuri" ni sentensi isiyofaa kitu katika barua hii. Mwandishi aliyekataliwa huiona kama pole ya msibani, na ana haki.

Sifa ya aya ya kumi na moja ni ya namna nyingine. Inataja mahali, inataja tendo lililofanyika pale, inasema kwa nini ni adimu kwa blogu hiyo. Na ina kazi ya kiufundi ambayo sikuifikiria kwa muda mrefu: inamwambia mwandishi asikate nini.

Mtu aliyekataliwa huirudia kazi yake akiwa na kisu mkononi na jicho lililojeruhiwa. Kila kitu kinaonekana kibaya. Mara nyingi kinachokatwa kwanza ni kile kilichokuwa chake peke yake, kwa sababu hakifanani na makala nyingine alizosoma, na kinachobaki ni zile aya za "picha ni kumbukumbu" ambazo kila mtu ameziandika. Mhariri anapoitaja aya ya kumi na moja kwa namba anaizungushia ua.

Hapa ndipo adabu niliyokuwa nikiitafuta ilipokuwa imekaa. "Hatutaichapisha" linaweza kusimama bila kilemba kwa sababu aya tatu baadaye kuna mtu aliyesoma kwa makini kiasi cha kukurudia. Ukiliondoa hilo, hata "hatujaweza" yenye upole wote inabaki kuwa mlango uliopakwa rangi ukutani.

Ndiyo maana pia barua hii haiwezi kuandikwa kwa kila makala. Kipimo kimoja kinafanya kazi: je, ipo aya ambayo mhariri aliirudia kwa hiari yake? Kama haipo, "Asante, hatutaichapisha" ni jibu la heshima na linatosha. Sifa ya kubuni hugundulika upesi, kwa kuwa haina namba.

Mlango, na upana wake

Aya ya mwisho ya barua ina sentensi nne, nazo zinazuia mikanganyiko minne.

"Usiirekebishe hii kwa ajili yetu" inaziba pengo ambalo ukosoaji wenyewe umelifungua. Mtu akielezwa makosa yake kwa undani, silika yake ni kurekebisha na kurudisha. Barua isipokataza, anafanya hivyo. "Sentensi nne zinatosha" inampunguzia hasara: asiandike maneno 1,900 mengine kabla ya kujua kama yanatakiwa. "Siku kumi" inampa haki ya kuuliza siku ya kumi na moja bila kuona aibu. Na "makala hii ni yako, ipeleke popote" inasema wazi jambo ambalo mwandishi mgeni huliogopa kimyakimya, kwamba labda kwa kuituma ameifunga. Hakuifunga. Kama hakukuwa na makubaliano, haki za makala zimebaki kwa aliyeiandika.

Linganisha na "usisite kututumia kazi nyingine siku zijazo". Kazi gani? Siku zipi? Mlango wa namna hiyo hauna kitasa.

Kwa aliyeipokea

Usijibu usiku huohuo. Ukitaka kufanya jambo, nakili kila sentensi ya barua kwenye ukurasa mpya na uzipange kwa makundi matatu: zinazohusu blogu, zinazohusu makala, zinazohusu hatua inayofuata. Katika barua yetu kundi la kwanza lina sababu moja tu, na hiyo unaiweka kando. Sentensi isiyoingia kundi lolote ni shukrani au pole, nayo usijenge juu yake.

Kundi la pili lirudishe kwenye makala, namba kwa namba. Aya ya kwanza hadi ya tano zinakuwa sentensi moja: "Simu ikipotea leo, ni picha zipi utaweza kuzipata kesho?" Aya ya tisa inaandikwa upya ili kusawazisha na kuweka nakala ya akiba yawe mambo mawili, pamoja na onyo la pipa la taka. Makala hiyo iliyosahihishwa inakwenda kwa blogu nyingine, ambayo haina makala ya kanuni ya nakala tatu. Kosa la aya ya tisa lazima lirekebishwe popote makala iendako, hata kama mhariri mwingine hataligundua.

Na ukiona mhariri amekosea? Hutokea. Mara nyingi yuko sahihi kuhusu mahali na amekosea kuhusu dawa. Angesema, kwa mfano, kwamba aya ya kumi na moja ni ndefu mno, huenda alikwama pale kwa sababu aya ya kumi imeruka hatua, haikusema diski iunganishwe kwenye kifaa kipi. Ukifupisha ya kumi na moja, atakwama tena. Irekebishe ya kumi. Lakini usimwandikie kumbishania, maana makala hiyo haiko mezani kwake tena.

Kundi la tatu ndilo kazi mpya. Chukua aya ya kumi na moja na uiulize ina nini zaidi. Kujaribu kurudisha picha kuna mambo ambayo hayakuingia: chagua tatu, ya zamani kabisa, ya katikati na ya wiki hii, pamoja na video moja. Zirudishe kwenye kifaa kingine au folda tupu, zisije zikafunika za asili. Zifungue kwa ukubwa kamili. Hapo ndipo makosa hujitokeza: picha inaonekana kwenye orodha lakini ikifunguliwa ni kijipicha tu chenye ukungu, au ukubwa wa faili umepungua kwa sababu iliyohifadhiwa ni nakala iliyobanwa, au tarehe ya kupigwa imekuwa tarehe ya kunakiliwa, na picha za miaka minane zote zimejirundika siku moja.

Makala iko hapo. Subiri siku mbili au tatu, kisha jibu barua ileile, usianzishe mpya, ili mhariri akifungua akute maneno yake mwenyewe chini:

> Habari za kazi, ndugu mhariri. Asante kwa barua yako. Kuhusu aya ya tisa ulikuwa sahihi, nimeirekebisha.
>
> Napendekeza makala ya maneno 1,200 kwa mtu ambaye tayari ana nakala za akiba za picha zake lakini hajawahi kuzifungua. Itamwongoza kurudisha picha tatu na video moja kwenye folda tupu, hatua kwa hatua. Itamwonyesha dalili tatu za nakala mbovu: kijipicha badala ya picha, faili iliyobanwa, na tarehe zilizopotea. Naweza kuileta ndani ya wiki mbili tangu utakapokubali.

Sentensi nne, kama alivyoomba. Ile "hajawahi" iliyo katika ya kwanza iko mahali pake.